UZI: Mapato yamepanda, ARPU imeshuka nusu. Kaka anataka kufunga, nimjibu nini?

Karabai_Kirumba (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Naomba msaada wa hesabu, siombi mtaji.

Nina huduma ndogo ya bei za dagaa hapa Mwanza. Vijana wawili wanakaa Mwaloni Kirumba kuanzia alfajiri, na watu wengine wananipigia kutoka Igombe, Kayenze na Ukerewe. Tunakusanya bei, tunazituma. Anayejiandikisha bure anapata meseji mbili kwa wiki zenye bei ya Kirumba tu. Anayelipa, 1,500 kwa wiki au 5,000 kwa mwezi, anapata meseji hizohizo, na juu yake kila asubuhi anatumiwa WhatsApp bei za mialo yote.

Julai mwaka huu wa 2025 tulikuwa na watu 3,000, mapato 1,080,000. Agosti tukatangaza redioni, watu wakamiminika. Tukafunga mwezi na watu 7,500, mapato 1,335,000. Mimi nikafurahi. Kaka yangu yuko Dar, ndiye aliyelipia redio, kafungua dashibodi kaona ARPU, yaani mapato ukigawanya kwa watu wote, na ARPPU, yaani mapato ukigawanya kwa wanaolipa tu:

ARPU: Julai 360, Agosti 178
ARPPU: Julai 2,241, Agosti 2,214

Kanipigia usiku ananiambia biashara inakufa, kila mtu analeta nusu ya alichokuwa akileta. Nikamwambia hela imeongezeka, akajibu "namba hazidanganyi". Nimjibu nini? Nawasilisha.

Laini_Saba

Kaka yako yuko sahihi. Nimeuza laini miaka sita, Nyamagana hadi Magu, na mkutano wa Jumatatu ulikuwa unaanza na ARPU. Ikishuka, meneja hanywi chai. Hiyo nyingine yenye P mbili ni ya kujifariji tu. Gawanya mapato kwa wateja wote, ndiyo picha halisi.

Kibanda_Igoma

Mimi nina banda la kuonyesha mpira, kiingilio 500. Mechi kubwa wanaingia 120, na wengine 60 wanachungulia dirishani. Kwa hiyo mnataka kuniambia nigawanye kwa 180? Hao wa dirishani sijawahi kuwahesabu hata siku moja. Nawahesabu wakivunja kioo. Halafu wanajamvi, kuna anayejua mtu anatengeneza projekta hapa mjini? Yangu inaonyesha uwanja wa bluu.

Nzi_wa_Mizani

Kibanda_Igoma kachekesha lakini kagusa penyewe. Nitarudi kwake.

Karabai, kabla ya kumjibu kaka, hiyo ARPPU yako siiamini. Kifurushi cha mwezi ni 5,000. Cha wiki ni 1,500, na mchuuzi wa dagaa anayelipa kwa wiki hawezi kulipa mara moja akatoweka, atalipa mara mbili au tatu kwa mwezi. Wastani wa 2,214 kwa kila anayelipa ungemaanisha karibu wote walilipa wiki moja tu wakaacha. Nahisi dashibodi inahesabu malipo badala ya watu: anayelipa wiki tatu anaonekana watu watatu. Angalia kama aliyeitengeneza kaandika `COUNT(*)`. Inatakiwa iwe hivi:

```sql
SELECT COUNT(DISTINCT namba) FROM malipo
WHERE tarehe >= '2025-08-01' AND tarehe < '2025-09-01';
```

Fanya hivyo kwa Julai na Agosti, ulete majibu hapa.

Karabai_Kirumba

Nimeduwaa. Agosti kuna malipo 603 (480 ya wiki, 123 ya mwezi) lakini watu waliolipa ni 300. Julai malipo 482, watu 240. Kwa hiyo ARPPU ya kweli ni 4,500 Julai na 4,450 Agosti. Aliyetengeneza dashibodi ni binamu yangu, nitaongea naye kwa upole.

Nzi_wa_Mizani

Sasa tunaongea. Na hata zile 7,500 zimezidi kidogo, maana mtu wa ziwani ana laini mbili, moja ya kupokea bure na nyingine yenye hela. Huyo ni mtu mmoja, ila kwako ni wawili: mmoja wa bure, mmoja wa kulipa. Huwezi kumkamata kirahisi, jua tu kwamba yupo.

Tazama picha ya mwanzo. Anayelipa analeta karibu kilekile, 4,500 na 4,450. Kilichobadilika ni uwiano: Julai watu 8 katika kila 100 walilipa, Agosti 4 katika kila 100. ARPU ni hivyo viwili vikizidishwa.

```
360 = 4,500 x 0.08
178 = 4,450 x 0.04
```

Kaka akisema "kila mtu analeta nusu", hakuna mtu huyo. Hakuna mchuuzi hata mmoja aliyepunguza malipo yake kwa nusu. Mmemwaga watu kama 4,500 wapya kwenye sufuria lenye mchuzi uleule, kila bakuli limekuwa jepesi. Usiniamini kwa maneno. Watenge waliokuwepo kabla ya redio na walioletwa na redio, uniambie kila kundi lilileta ngapi Agosti.

Karabai_Kirumba

Nimekesha na Excel. Iko hivi:

Wa zamani: 2,900 (100 wamezima laini au wamejitoa), waliolipa 245, wameleta 1,110,000.
Wa redio: 4,600, waliolipa 55, wameleta 225,000.

Kwa hiyo wa zamani ARPU yao ni 383! Imepanda kutoka 360. Wapya ni 49. Namtumia kaka sasa hivi. Wabeja sana mkuu.

Jahazi_Bovu

Dada umeshajua dawa. Hao wa redio wafute wote kesho, ARPU irudi 383, kaka alale. Namba ya kuangalia ni ARPPU peke yake, wa bure ni mzigo. Ningekuwa wewe ningepandisha na bei pia, mwezi uwe 8,000. ARPPU inaruka siku hiyohiyo.

Nzi_wa_Mizani

Jahazi_Bovu, ukifuta watu 4,600, ARPU inapanda kutoka 178 hadi 383 na mapato yanashuka kwa 225,000. Namba imependeza, mfuko umepungua. Na ukipandisha bei, wale waliokuwa wakijikongoja kulipa wanaondoka na wanabaki wenye uwezo, kwa hiyo ARPPU itapanda hata kama umepoteza wateja wengi. Chukua mfano: bei ikipanda, wanaolipa wakabaki 150 na kila mmoja analeta 7,000, ARPPU imepanda sana na mapato ni 1,050,000, chini ya Julai. ARPPU haioni aliyeondoka. Anayeondoka anatoka juu na chini ya mgawanyo kwa pamoja.

Ila kwa jambo moja una hoja: wa bure wana gharama. Karabai, usimtumie kaka kitu bado. Meseji moja unainunua shilingi ngapi?

Karabai_Kirumba

Nimeshamtuma 🙈. Meseji ni 15. Nanunua kwa wingi.

Nzi_wa_Mizani

Basi kaa chini.

Meseji mbili kwa wiki ni kama 9 kwa mwezi. 9 mara 15 ni 135. Kila aliyeandikishwa, awe analipa au halipi, anakugharimu 135 kwa mwezi.

Julai: watu 3,000 mara 135 ni 405,000. Mapato 1,080,000. Ukitoa meseji inabaki 675,000.
Agosti: watu 7,500 mara 135 ni 1,012,500. Mapato 1,335,000. Inabaki 322,500.

Mapato yamepanda, ARPPU imetulia, na kilichobaki mkononi kimepungua zaidi ya nusu. Kaka yako kasoma namba vibaya, lakini hofu yake ina msingi.

Hapa ndipo ARPU inapokuwa na kazi yake. Gharama ya meseji inamwangukia kila mtu, kwa hiyo unailinganisha na mapato ya kila mtu. Kundi la redio linaleta 49 kwa kichwa na linakula 135. Kundi la zamani linaleta 383 na linakula 135 ileile. ARPPU huiwezi kuitumia hapa, itakuonyesha 4,450 dhidi ya 135 uone unatajirika. ARPPU iulize maswali ya bei na vifurushi: je, mtu akishaamua kulipa, analipa kiasi gani.

Ndiyo maana Kibanda_Igoma yuko sawa kutowahesabu wa dirishani, hawamgharimu kitu isipokuwa kioo. Wako wa bure kila mmoja anakunywa soda yako mara mbili kwa wiki.

Laini_Saba, na wewe hukukosea kwa biashara yako. Kwenye laini karibu kila mtu anaweka vocha, na laini iliyokufa siku nyingi haihesabiwi. Anayetumia na anayelipa ni karibu mtu mmoja, hivyo namba hizo mbili zinafanana na moja inatosha. Huku kwenye vitu vya bure zinaachana kama Mwanza na Bukoba.

Laini_Saba

Nimekuelewa, ingawa sijakubali yote. Hata sisi kulikuwa na laini za ofa ambazo haziweki hata mia. Meneja alikuwa anazifuta mwisho wa robo ili ARPU ipendeze. Sasa najua alikuwa anafanya nini.

Mama_Furu

Hamjambo wanangu. Mimi ni mmoja wa hao wa bure, niko Igombe, naanika dagaa. Nasoma hapa mnasema tunakula meseji. Huyu Karabai kila akipiga simu kuuliza bei ya Igombe ni nani anamjibu? Ni mimi, na simu yangu naichaji kwa jirani. Bei ya kwetu anaiuza kwa watu wa 5,000. Mkitufuta, ataitoa wapi?

Karabai_Kirumba

Shikamoo mama. Ni kweli kabisa. Wanaonipa bei kutoka mialoni ni kama 40, na wote wako kwenye orodha ya bure. Bila wao huduma ya WhatsApp ni bei ya Kirumba tu, na hiyo mtu anaipata kwa kutembea.

Jahazi_Bovu

Haya, bakisha hao 40, wengine toa.

Nzi_wa_Mizani

Marahaba kwa niaba ya mama, na pole, namba zangu hazikumwona. Watu kama yeye wana ARPU ya sifuri kwenye dashibodi, na hela ya wanaolipa inapita mikononi mwao. Watolee nje ya hesabu ya wateja, waandike upande wa gharama za kukusanya bei. Mama analipwa kwa meseji, na kwa kweli analipwa kidogo.

Waliobaki wa redio, swali ni kama watakuja kulipa baadaye. Wale 240 wa Julai, walilipa mara ya kwanza muda gani baada ya kujiandikisha?

Karabai_Kirumba

Nimeangalia haraka. Wachache wiki ya kwanza. Wengi walilipa kwenye giza la pili au la tatu, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa wanavuliwa. Ni kama mtu anataka kwanza kuona bei zetu ni za kweli.

Nzi_wa_Mizani

Basi Agosti ni mapema mno kuwahukumu, walikuwa hawajamaliza hata giza mbili. Lakini kusubiri kunagharimu: 621,000 za meseji ukitoa 225,000 wanazoleta, ni hasara ya 396,000 kwa mwezi. Ili kundi hilo lijilipie meseji zake tu, kwa jinsi wanaolipa wa kundi hilo wanavyoleta sasa (kama 4,090 kila mmoja), wanatakiwa wanaolipa 152. Leo wako 55. Hiyo ndiyo namba ya kumwonyesha kaka: 55 kuelekea 152, kila giza. Wakifika 110 mwezi wa Oktoba, subiri. Wakibaki 60, redio ilikuletea wasikilizaji tu, wachuuzi hawakuja.

Jahazi_Bovu

Na hela ya redio je?

Karabai_Kirumba

900,000. Nilikuwa naomba msiulize.

Nzi_wa_Mizani

Ni kama 16,400 kwa kila mmoja wa wale 55. Karibu miezi minne ya malipo yake kabla hujarudisha hela ya tangazo, na hapo meseji za wale 4,545 wasiolipa hujazigusa.

Chapa_Mwanga

Nimechelewa. Niko Kayenze, nina mtumbwi na taa za sola. Ninyi mnahesabu kwa mwezi wa kalenda, sisi tunavua kwa mwezi wa mbinguni. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, tunashona nyavu. Agosti mwezi ulijaa tarehe 9. Wiki ile nani atalipia bei? Kaka yako akiangalia chati ya wiki kwa wiki atapata presha kila mwezi.

Karabai_Kirumba

Anaiangalia! Mwezi uliopita alinitumia picha ya chati, ameizungushia wino mwekundu wiki hiyohiyo.

Nzi_wa_Mizani

Chapa_Mwanga umenifundisha. Na inaeleza kitu kwenye zile namba: watu 177 wa kulipa kwa wiki walifanya malipo 480, yaani karibu wiki tatu kwa mtu. Wiki wanayoruka ni ya mbalamwezi. Kwa hiyo chati ya wiki itashuka hata kama hujapoteza mtu, kwa sababu wanaolipa wanapungua na wanaopokea bure wanabaki palepale. Linganisha mbalamwezi na mbalamwezi, giza na giza. Kwa mwezi mzima tofauti ni ndogo, isipokuwa kalenda ikikutegea kama Agosti 2023, mwezi ulipojaa tarehe 1 na tena tarehe 31. Hesabu kwa mzunguko wa siku 29 na nusu, kutoka mwezi kujaa hadi kujaa, utaona laini imenyooka zaidi.

Chapa_Mwanga

Na wa bure msiwatumie meseji mbalamwezi. Meseji mbili zinaokolewa hapo, hakuna dagaa.

Mama_Furu

Hakuna dagaa wabichi, mwanangu. Mimi niliyeanika nauza wakati huohuo, bei ikiwa juu. Mbalamwezi ndiyo naihitaji hiyo meseji kuliko siku zote.

Chapa_Mwanga

Hapo mama kanishinda. Lakini mvuvi haihitaji.

Kibanda_Igoma

Kwa hiyo mnatuma meseji kwa mtu bila kujua kama ni mvuvi, mwanikaji au dereva bodaboda aliyesikia redio? Mimi mtu akilala kwenye benchi namwamsha. Mwambie anayetaka bei aombe.

Nzi_wa_Mizani

Huyu mtu aachane na projekta aje afanye kazi hii. Karabai, hilo linawezekana: badala ya kuwasukumia meseji, anayetaka anatuma neno BEI, anajibiwa. Asiyeuliza hakugharimu. Meseji ya kuuliza analipa mwenyewe, wewe unalipa 15 za kujibu.

Ila sikiliza onyo hili. Sasa hivi dashibodi inamwita "hai" kila aliyetumiwa meseji, hata kama simu iko kwenye kabati. Ukihamia kwenye BEI, aliye hai atakuwa aliyeuliza. Tuseme wanauliza 2,500 tu. Mapato yakibaki 1,335,000, ARPU itasomeka 534. Kaka atapiga simu usiku tena, safari hii anacheka, na hakuna hata shilingi iliyoongezeka upande wa mapato. Kilichopungua ni bili ya meseji. Siku unabadilisha maana ya "hai", chora mstari kwenye chati na uandike tarehe. Usilinganishe kushoto na kulia kwa mstari huo.

Laini_Saba

Mimi naona hatari. Meseji ndiyo inayomkumbusha mtu kwamba upo. Ukiacha kutuma, hao ambao wangelipa giza la tatu wanakusahau. Mtandao haunyamazi, ndiyo maana mnalalamika meseji za ofa kila siku.

Nzi_wa_Mizani

Inawezekana kabisa, na mimi sina jibu. Ndiyo maana asihame na wote. Kundi la redio ligawe mawili bila kuchagua: namba inayoishia na tarakimu shufwa waendelee kutumiwa, witiri watumie BEI. Baada ya giza mbili hesabu wangapi wamelipa kila upande, utoe na gharama ya meseji. Wa zamani usiwaguse.

Karabai_Kirumba

Nitafanya hivyo kuanzia mwezi ukijaa tarehe 7. Kaka kajibu. Ile 383 aliipenda, halafu nikamtumia ya 322,500, kanyamaza saa nzima, akauliza: "Kwa hiyo ningekuwa sahihi kama ningesema jambo lingine?" Nikamwambia ndiyo. Amekubali tusubiri hadi Oktoba, ila redio hailipii tena. Mama Furu, wewe na wenzako 39 mnabaki kama mlivyo, na nitawatumia vocha kila mwezi.

Jahazi_Bovu

Mimi bado nasema 8,000.

Mama_Furu

Asante mwanangu kwa vocha. Lakini dada yangu wa Kayenze alijiunga kwa redio, namba yake inaishia na saba. Akituma hiyo BEI mtandao unamkata hela yake. Huyo mtamwandika wa bure au wa kulipa?